Kwa Nini Chapati ya Maji Hutoka Nene

Chapati ya maji haikandwi wala haisukumwi, ndiyo maana wengi huihesabu kuwa kazi ndogo: unga, maziwa, yai, upawa, basi. Kumbe ukifika jikoni inatoka nene katikati na kukauka pembeni, au inang'ang'ania chuma, au inachanika mara tu mwiko unapoingia chini yake. Mpishi hulaumu kikaango, halafu gesi, halafu mkono wake mwenyewe. Mara nyingi kosa limetokea mapema zaidi, pale alipolitazama rojo akaliona jepesi, akaongeza unga, akaanza kupika hapo hapo.

Unga wa ngano hauyanywi maji yote kwa mara moja. Rojo ulilokoroga sasa hivi litakuwa zito zaidi baada ya nusu saa, hata kama hukuliongeza kitu. Anayelirekebisha kabla halijatulia anarekebisha kitu ambacho bado hakijawa chenyewe. Akiongeza unga kwa sababu linaonekana la majimaji, nusu saa baadaye atakuwa na uji mzito usiotambaa kwenye chuma. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: uzito wa rojo huamuliwa baada ya kulipumzisha, kabla ya hapo ni kukisia tu.

Tuanze na vipimo, ili tuwe na kitu cha kushika. Chukua gramu 250 za unga wa ngano mweupe, ambazo ni kama vikombe viwili vya mililita 250 ukiwa umeuteka kwa kijiko bila kuushindilia. Mayai mawili. Maziwa mililita 300 na maji mililita 200. Samli iliyoyeyushwa vijiko viwili vya chakula, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, na iliki iliyosagwa kidogo kwa anayeipenda. Hapo utapata chapati 12 au 13 za kikaango chenye kitako cha sentimita 24. Za chumvi na kitunguu hufuata njia ile ile, ila sukari inaachwa. Sukari ikizidi vijiko hivyo viwili, chapati huwahi kupiga weusi kabla haijaiva na huanza kunata.

Kila kiungo hapo kina kazi yake. Yai huganda kwa joto na ndilo linaloishika chapati nyembamba isichanike. Anayepika bila yai anaweza, lakini ageuze kwa uangalifu zaidi. Maziwa huleta ladha na rangi, lakini maziwa matupu hufanya chapati iwe nzito na iwahi kuungua, ndiyo maana napenda kuyachanganya na maji. Samli ndani ya rojo hulainisha, na hupunguza mafuta unayohitaji kupaka kwenye chuma. Poda ya kuumulia sitii. Hiyo ni ya keki na ya zile chapati ndogo nene za kifungua kinywa, na ukiitia hapa itakuumulia kitu unachotaka kiwe chembamba.

Sasa madonge. Donge la unga ni kitu cha ajabu kidogo: nje limelowa, ndani ni unga mkavu kabisa. Unga ukiangukia kwenye maji mengi, ule wa juu hulowa haraka na kuwa gundi, na gundi hiyo hujifunga kama ganda na kuyazuia maji yasiingie ndani. Ukilikoroga, donge haliumii, linaelea na kuukimbia mwiko kwa sababu rojo lote linalolizunguka ni jepesi. Unaweza kupiga mpaka mkono uume, madonge yakabaki yanakutazama.

Dawa ni kuanza na uzito. Weka unga, chumvi na sukari kwenye bakuli, fanya shimo katikati, vunja mayai humo, kisha mimina maziwa kidogo tu, kama mililita 150. Koroga kutoka katikati kwa mchapo wa kupigia mayai au kwa uma, ukivuta unga wa pembeni polepole. Utapata kitu kizito cha kung'ang'ania mchapo, na hapo ndipo madonge yanapokufa, kwa maana katika uzito huo kila mzunguko wa mkono huyasaga na hayana pa kukimbilia. Endelea mpaka uone rojo linang'aa na halina punje. Ni kazi ya dakika mbili hivi. Kisha ongeza maziwa yaliyobaki kidogo kidogo, halafu maji, na mwisho samli.

Ukimimina maji yote kwanza halafu ukanyunyiza unga juu, umechagua njia ngumu. Bado kuna chujio. Pitisha rojo kwenye chujio la chai la matundu makubwa au chujio la tui, na vidonge vitakavyobaki vibonyeze kwa mgongo wa kijiko. Wapo wanaoona kuchuja ni aibu ya mpishi. Mimi nachuja hata rojo lililolainika vizuri, kwani hushika pia ile kamba nyeupe ya yai ambayo haikorogeki, na kamba hiyo ndiyo huacha doa nene kwenye chapati.

Samli nayo ina mtego wake. Maziwa yakiwa ya baridi, yametoka kwenye friji muda huo huo, samli iliyoyeyuka huganda ikigusana nayo na kutawanyika kuwa chembe ndogo ambazo utadhani ni madonge ya unga. Maziwa na mayai yawe ya joto la kawaida la jikoni, au maziwa yapashwe mpaka yawe vuguvugu. Yasiwe ya moto, kwani maziwa ya moto hupika yai kabla ya wakati na kuvimbisha wanga wa unga, na ukishafika hapo rojo halirudi tena.

Blenda inalainisha rojo kwa sekunde 20 na sina ugomvi nayo. Ila inaingiza hewa nyingi. Rojo linatoka na povu juu, na ukilipika hivyo chapati itakuwa na matobo madogo madogo na sehemu zinazochanika. Aliyetumia blenda anahitaji mapumziko marefu zaidi kuliko aliyetumia mkono, walau saa moja, ili povu lishuke.

Tufike kwenye mapumziko yenyewe. Funika bakuli uliache. Ndani yake kuna mambo matatu yanayoendelea kimya kimya. La kwanza ni hilo la unga kunywa. Mashine ya kusaga inapoponda ngano, sehemu ya chembe za wanga huvunjika, na hizi zilizovunjika hunywa maji ya baridi na kuvimba taratibu. Zile nzima hazivimbi mpaka ziupate moto, kuanzia kama nyuzi 60 za selsiasi. Chembe isiyopata muda wa kulowa huingia kwenye kikaango ikiwa kavu, na kwa kuwa chapati nyembamba hukaa motoni kwa dakika moja na kidogo tu, hutoka ikiwa bado kavu. Hiyo ndiyo ile ladha ya unga mbichi inayobaki ulimini hata chapati ikiwa imepiga rangi nzuri.

La pili ni gluteni, yaani ule mtandao wa protini unaoufanya unga wa ngano uvutike. Kukoroga huukaza. Rojo likipikwa mtandao ukiwa bado umekaza, chapati hujivuta, kingo hujikunja, na ukiitafuna inakurudishia meno. Ukiliacha rojo litulie, mtandao unalegea na rojo linatambaa lenyewe hadi ukingoni. Hili linawahusu zaidi wanaotumia unga ulioandikwa kuwa ni wa chapati, kwa kuwa kwa kawaida una protini nyingi kuliko ule wa keki. La tatu ni mapovu ya hewa kupanda juu na kupasuka.

Muda gani basi? Nusu saa ndicho kiwango cha chini kwa unga mweupe uliokorogwa kwa mkono. Saa moja ni bora, na baada ya hapo faida inakuwa ndogo. Unga wa atta, ambao una pumba, hunywa polepole zaidi, kwa hiyo usiuondolee saa moja kamili, na ujiandae kuuongezea maji. Nje ya friji usivuke saa mbili. Hapa ni rojo lenye mayai mabichi na maziwa, na joto la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam si joto la kuacha vitu hivyo mezani mchana kutwa. Anayetaka kupika alfajiri akoroge usiku, afunike, aweke kwenye friji. Asubuhi atakuta maji yamejitenga kidogo juu na unga umetuama chini, pengine na rangi ya kijivu kwa juu. Hakuna kilichoharibika. Likoroge kutoka chini na uliache lipoteze ubaridi kabla ya kupika.

Baada ya mapumziko ndipo unahukumu uzito. Chovya upawa, uinue, tazama. Rojo linalofaa hushuka kwa uzi mmoja usiokatika, na huacha ngozi nyembamba mgongoni mwa upawa. Pitisha kidole kwenye ngozi hiyo: njia yake ibaki wazi kwa muda kidogo, kisha kingo zianze kuteremka. Zikisimama bila kusogea, rojo ni zito, ongeza maji vijiko viwili vya chakula na ujaribu tena. Zikikutana papo hapo, ni jepesi mno. Hapo usinyunyize unga mkavu ndani ya bakuli maana utarudisha madonge. Koroga kijiko kimoja cha unga pembeni na rojo kidogo mpaka kilainike, kisha kirudishe, na ukipe dakika 15.

Wembamba wenyewe ni hesabu rahisi. Kitako cha sentimita 24 kina eneo la kama sentimita mraba 450. Ukimimina mililita 60, yaani robo kikombe, rojo litakaa kwa unene wa milimita moja na kidogo. Ukimimina mililita 90 utapata milimita mbili, na hiyo si chapati nyembamba tena hata mkono wako uwe stadi namna gani. Kikaango cha sentimita 20 kinataka mililita 40. Kwa hiyo pima upawa wako kwa maji mara moja, ujue unabeba kiasi gani, na ukumbuke alama yake. Pawa nyingi za majumbani hubeba zaidi ya robo kikombe, na wenye nazo hushangaa kwa nini chapati zao hazifanani na za jirani.

Sasa moto, ambako rojo zuri linaweza kuharibiwa kwa sekunde tano. Chuma kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 180 na 200 hivi. Wachache wana kipimajoto cha kuelekeza kwenye kikaango, na hakihitajiki, tone la maji linatosha. Pasha kikaango kitupu kwa moto wa wastani dakika tatu hadi tano, chovya vidole kwenye maji, nyunyiza. Tone likitulia na kutoa mvuke polepole, chuma bado ni baridi. Likipiga kelele, likapasuka vipande vidogo vinavyorukaruka na kukauka ndani ya sekunde moja au mbili, mimina. Likijikusanya kuwa shanga moja inayoteleza huku na huku bila kukauka, umevuka. Shanga hiyo inaelea juu ya mto wa mvuke wake yenyewe, jambo ambalo daktari Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliliandikia kitabu mwaka 1756. Kwa mchanganyiko mzito wa chapati nene wapo wanaoifurahia shanga hiyo. Kwa rojo la kutambaa, mimi naitazama kama onyo.

Chuma kikizidi moto, rojo huganda pale linapogusa, kabla hujapata nafasi ya kulizungusha. Katikati panabaki nene, pembeni panakuwa na michirizi na matobo, na chini panaungua huku juu pakiwa bado majimaji. Chuma kikiwa baridi, rojo linatambaa vizuri sana na unajisifu, lakini haliivi: linakaa, linakauka taratibu, linakuwa jeupe na gumu kama mpira, na linashika chuma. Ukiona chapati isiyo na rangi inayotaka kuvutwa ndipo itoke, tatizo ni joto kuwa dogo. Wengi hapo huongeza mafuta. Mafuta hayatibu ubaridi, yanaikaanga tu.

Mafuta yawe utando. Pangusa chuma kwa kitambaa safi kilichochovywa kwenye mafuta. Wapika dosa wa Kihindi hutumia nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma, na kwa chapati za chumvi ni njia nzuri. Ukiona mafuta yanatiririka unapoinamisha kikaango, yamezidi: rojo litateleza juu yake badala ya kushika, na chapati itatoka na madoa ya kahawia na meupe yasiyo na mpangilio. Anayependa ladha ya samli aipake baada ya kugeuza, pembeni mwa chapati, ambako haitasumbua kutambaa.

Unapomimina, inua kikaango kutoka motoni. Mimina katikati kwa mkupuo mmoja, na papo hapo kiinamishe na kukizungusha ili rojo likimbie hadi ukingoni, kisha kirudishe. Kazi yote isizidi sekunde nne au tano. Kule Bretani, Ufaransa, wanakopika chapati za namna hii kwenye bamba pana la chuma lisiloinuliwa, hutandaza rojo kwa kijiti cha mbao chenye umbo la herufi T. Mwenye tawa zito lisiloinamishika afanye kama wao: atandaze kwa mgongo wa upawa, kwa duara linalokua kutoka katikati, bila kubonyeza na bila kurudia alikopita.

Subiri kama dakika moja. Uso wa juu utapoteza ule mng'ao wa majimaji, kingo zitaanza kujiinua zenyewe, na ukitikisa kikaango chapati itateleza. Ikiwa haitelezi, bado haijawa tayari. Mwiko hauharakishi, unachana tu. Geuza, upande wa pili unataka sekunde 20 hadi 30. Upande huo hutoka na madoa badala ya rangi moja, kwa kuwa haukushika chuma sawasawa, na si kosa.

Ile chapati ya kwanza inayoharibika kila nyumba ni ya kupimia, haina laana yoyote. Tuseme umemimina mililita 60 na rojo limesimama sentimita tatu kabla ya ukingo, likaacha kitovu kinene. Washtakiwa ni wawili: rojo zito au chuma cha moto kupita kiasi. Wengi huongeza maji mara moja, na kama mkosaji alikuwa moto, chapati zote zinazofuata zitakuwa za kuchanika. Watenganishe kwanza. Toa kikaango motoni, kiache kipoe kwa nusu dakika, paka utando wa mafuta, kisha mimina kiasi kile kile cha rojo lile lile. Likifika ukingoni, moto ndio uliokosea: punguza, usiguse bakuli. Likisimama pale pale, ongeza vijiko viwili vya maji, koroga, na ujaribu tena. Umetumia chapati mbili, na kumi zilizobaki ni salama.

Joto halikai lilipo. Chapati ya nne au ya tano ikishapita, chuma kinakuwa kimehifadhi moto zaidi kuliko mwanzo, hasa tawa zito, na hapo mtu anayekwenda kwa mazoea huanza kuunguza bila kujua kwa nini. Kwenye gesi punguza mwali kidogo, na kikaango chembamba ukizungushe kila baada ya muda, kwani katikati hupata moto zaidi. Kwenye jiko la mkaa anza makaa yakiwa yameshika yote na kuvikwa majivu, usianze yakiwa bado yanawaka mwali, na dhibiti kwa mlango wa chini: kuufunga kunapunguza hewa na moto unashuka taratibu. Ikiwa haitoshi, ondoa makaa mawili matatu. Kikaango kisichonata kisipashwe kitupu kwa moto mkali, kwa kuwa utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya kwenye nyuzi 260 na kuendelea.

Zikitoka, zipange moja juu ya nyingine kwenye sahani na uzifunike kwa kitambaa. Mvuke wao wenyewe hulainisha kingo zilizokauka, na ndivyo zinavyotakiwa kufika mezani wakati wa futari, laini za kukunjika mara nne. Anayetaka zenye kingo za kukatika kwa meno azile zikitoka, asizifunike.

Na kila kabla ya kuchota, koroga bakuli hadi chini. Unga hutuama hata ndani ya dakika kumi, na chapati za mwisho zikiwa nzito kuliko za mwanzo, sababu ni hiyo. Kijiko kimoja cha maji mwishoni huzirudisha.